Klipu Hukatwa Kuanzia Mwisho

Tarehe 17 Mei 2023, wafanyabiashara wa Kariakoo waliokuwa wamegoma kufungua maduka walikutana na Waziri Mkuu Kassim Majaliwa viwanja vya Mnazi Mmoja. Mkutano ulirushwa mubashara, na wasemaji walipokezana maikrofoni wakilalamikia kodi, kamatakamata na usajili wa stoo. Matangazo marefu ya namna hiyo hukatwa klipu za dakika moja, na wengi huzianzia pale sauti ilipopanda na kuzimalizia kwenye makofi.

Tatizo ni kwamba umati hushangilia kabla msemaji hajamaliza. Tuseme mmoja anasema, “Hatufungui maduka,” uwanja unalipuka, kisha anaongeza, “mpaka tusikilizwe.” Ukikata kwenye makofi, sharti alilotoa limegeuka ukaidi. Kwa hiyo tafuta kwanza mahali hoja inapoishia, ndipo urudi nyuma kutafuta ilipoanzia. Ikiwa hoja inaisha saa 1, dakika 13 na sekunde 32 tangu matangazo yaanze, na ilianza saa 1, dakika 12 na sekunde 44, acha sekunde moja ya pumzi kila upande. Unapata klipu ya sekunde 50:

```
ffmpeg -ss 01:12:43 -i mkutano.mp4 -t 50 -c:v libx264 -c:a aac klipu.mp4
```

Wenye haraka huweka `-c copy`, na kazi huisha mara moja kwa sababu picha hunakiliwa tu bila kusimbwa upya. Lakini video haihifadhi kila picha kwa ukamilifu: huhifadhi picha kamili moja, kisha mabadiliko tu mpaka picha kamili inayofuata, ambayo kwenye matangazo ya mubashara mara nyingi huja baada ya sekunde mbili hivi. Mkato usiopita juu ya picha kamili utaujua mara moja: sauti inatangulia huku picha imeganda au ni nyeusi, au klipu inaanza na maneno ya msemaji aliyetangulia. Amri iliyo hapo juu huchelewa kidogo, ila hukata ulipotaka.

Muktadha uwekwe juu ya picha yenyewe kwa sekunde tano za mwanzo, huku msemaji akiendelea kusikika, maana kadi tupu ya utangulizi humfanya mtazamaji apitilize. Andika nani, anamweleza nani, kuhusu nini, wapi na lini: “Mfanyabiashara wa Kariakoo amweleza Waziri Mkuu kero ya usajili wa stoo, Mnazi Mmoja, 17 Mei 2023.” Ukiandika “amlipua”, umeshamhukumia mtazamaji kabla hajasikia neno.

Na kama kiongozi alijibu kero hiyo nusu saa baadaye, usiunganishe jibu na swali kana kwamba vilifuatana. Weka kati ya hivyo viwili maandishi “Baadaye katika mkutano huohuo”, kisha liache jibu lifike kwenye nukta yake.