Koo Moja la Joka

Katika filamu ya katuni How to Train Your Dragon ya 2010, mbunifu wa sauti Randy Thom alimpa joka Toothless sauti kwa kuchanganya milio ya farasi, chui-milia, paka na sili-tembo, pamoja na sauti yake mwenyewe. Ugumu ni kuifanya isikike kama inatoka koo moja. Mkoromo wa paka ukichezwa kwa nusu ya kasi hushuka oktavu nzima, na mnyama husikika mkubwa. Tabaka zote zianze pamoja. Moja ikichelewa, tunasikia wanyama wawili. Mabawa yanaweza kutengenezwa kwa mwavuli unaofunguliwa kwa nguvu, ila mlio wa vyuma vyake lazima uondolewe, la sivyo sikio litautambua mwavuli mara moja.