Taa ya Bafu Ikizimwa, Feni Isizimike

Katika nyumba nyingi za ghorofa, bafu lisilo na dirisha huwekewa feni ya kunyonya hewa, na feni hiyo hufungwa kwenye swichi moja na taa. Mtu akishaoga huzima taa, na feni nayo hunyamaza, ilhali kioo bado kina ukungu na dari inadondosha matone. Unyevu huo ndio unaolea kuvu jeusi kwenye pembe za dari.

Tupige hesabu. Bafu la mita 2 kwa 2, lenye kimo cha mita 2.4, lina hewa ya mita za ujazo 9.6. Feni ndogo inayonyonya lita 15 kwa sekunde huhitaji karibu dakika 11 kutoa hewa ya kiasi hicho mara moja tu. Na mara moja haitoshi, kwa sababu hewa inayoingia huchanganyika na mvuke, na maji yaliyobaki ukutani huendelea kukauka taratibu. Ndiyo maana mwongozo wa ujenzi wa Uingereza hutaka feni ya bafu lisilo na dirisha iendelee kwa dakika 15 baada ya kuzimwa. Mimi huongeza hadi 20.

Kazi hiyo hufanywa na feni yenye taima. Huhitaji nyaya tatu: nyutro, waya unaotoka kwenye swichi ya taa, na waya wenye umeme muda wote. Waya huu wa tatu ndio husahaulika. Fundi akiukosa, huunganisha sehemu zote mbili kwenye waya wa swichi, na taima haifanyi kazi tena. Utajua mara moja: zima taa usikilize. Feni ikikatika papo hapo, mwite fundi umeme arudi. Ikiendelea, pima muda kwa saa. Akishazima umeme, fundi huurekebisha kwa skrubu ndogo iliyo ndani ya kifuniko.

Feni yenye kihisi cha unyevu haimngoji mtu. Ukiiweka kwenye asilimia 70, huwaka unyevu unapozidi hapo na kuzimika ukishuka. Dodoma wakati wa kiangazi hilo linafaa sana. Lakini Mombasa au Dar es Salaam, hasa msimu wa mvua, hewa ya nje yenyewe mara nyingi hupita kiwango hicho, hivyo feni itazunguka usiku kucha ikivuta hewa nyingine yenye unyevu uleule. Pwani, chagua taima.

Hata hivyo, hewa haitoki pasipo nyingine kuingia. Acha uwazi wa sentimita 1 chini ya mlango. Kisha funga mlango, washa feni na uweke kipande cha tishu kwenye uso wake. Kikishikiliwa, inavuta. Kikianguka, fungua mlango ujaribu tena: kikishika sasa, mlango ndio uliokuwa ukiziba, kikianguka tena, kagua vumbi kwenye mapanga na bomba la kutolea hewa.