Hisa na akiba za marehemu: Jinsi ya kuomba chama kizihamishe kwa warithi

NG'OMBE hangoji matanga yaishe. Mkulima wa maziwa anapozikwa leo, kesho alfajiri mjane wake lazima akamue na kupeleka maziwa kituoni. Karani huyaandika kwa nambari ile ile ya marehemu, kwa kuwa ndiyo iliyo kitabuni.

Mwisho wa mwezi pesa zinaingia katika akaunti ya mume, katika chama cha akiba na mikopo ambacho wakulima wengi nchini Kenya hukiita Sacco. Mama huyu anapofika dirishani anaambiwa akaunti imefungwa hadi warithi watambuliwe. Pesa za maziwa aliyoyakamua mwenyewe nazo zimefungiwa humo.

Hapo ndipo familia nyingi hugundua kwamba kudai haki ya marehemu katika chama si jambo la kufika na cheti cha kifo tu. Kuna mambo matatu yanayoamua kama pesa zitatoka baada ya majuma machache au baada ya mwaka mzima: fomu ya warithi aliyoijaza marehemu, barua ya maombi, na hesabu ya madeni na dhamana.

Hatua ya kwanza ni nyepesi, lakini husahauliwa. Mjane au mtoto anayeendelea na mifugo afungue nambari yake mwenyewe ya kuuzia maziwa mara moja, hata kabla ya kushughulikia akiba. Maziwa ya leo ni jasho lake, si mali ya marehemu. Pia asitumie kadi ya benki wala nambari ya siri ya marehemu kutoa pesa. Ndugu mmoja akilalamika, kitendo hicho huweza kumfikisha kortini.

Fomu ndiyo hutangulia

Mwanachama anapojiunga hujaza fomu ya kutaja warithi, na huitia sahihi mbele ya mashahidi wawili. Fomu hii huwekwa katika faili yake. Wengi huijaza kwa haraka, kisha hawaitazami tena.

Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 1997, katika kifungu cha 39, iliweka msingi ambao vyama vimeufuata. Mwanachama akifariki, chama huweza kuhamisha hisa zake kwa mtu aliyetajwa katika fomu au kumlipa thamani yake, pamoja na pesa nyingine ambazo marehemu alikuwa akidai. Kama hakuna aliyetajwa, hulipwa msimamizi wa mali ya marehemu.

Sheria hiyo pia ilikilinda chama. Kikilipa kwa kufuata utaratibu huo, mtu mwingine hawezi kukirudia na kudai kilipe tena. Ndiyo maana meneja hukataa kulegeza kamba hata kama anaifahamu familia. Akimlipa asiyestahili, kinga hiyo hupotea.

Mahakama Kuu ya Kenya imeeleza zaidi ya mara moja kwamba pesa zilizo na mrithi aliyetajwa kwa njia hii humwendea mrithi huyo moja kwa moja, wala hazihesabiwi pamoja na mali inayogawanywa kortini, kama shamba. Kwa sababu hiyo, aliyetajwa hahitaji kungoja kesi ya mirathi iishe.

Yaliyomo katika barua

Barua ya maombi huelekezwa kwa kamati ya usimamizi kupitia kwa meneja. Haihitaji wakili. Yatosha iwe fupi na itaje kila kinachoombwa, kwa maana kisichotajwa huenda kisishughulikiwe. Mfano ni huu:

"Kwa Mwenyekiti, Kamati ya Usimamizi, kupitia kwa Meneja.

KUHUSU: KUHAMISHWA KWA HISA NA AKIBA ZA MAREHEMU (jina kamili), MWANACHAMA NAMBARI (…), KITAMBULISHO NAMBARI (…)

Sisi tuliotia sahihi hapa chini ni warithi waliotajwa na marehemu katika fomu iliyo katika faili yake. Alifariki tarehe (…), kama ionyeshavyo nakala ya cheti cha kifo.

Twaomba: (1) tupewe taarifa ya maandishi kuhusu hisa, akiba, pesa zilizo katika akaunti ya kutoa, mikopo na dhamana zake hadi tarehe ya kifo, (2) chama kiwasilishe dai la bima ya mkopo, (3) hisa zihamishiwe majina yetu kwa mafungu aliyoyaweka, (4) akiba na pesa nyingine zilipwe kwa mafungu hayo hayo, (5) riba na gawio la mwaka huu vikitangazwa, vilipwe kwetu."

Chini yake kila mrithi huandika jina, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu na sahihi. Barua huambatanishwa na nakala za cheti cha kifo, kitambulisho cha marehemu na vitambulisho vya warithi. Vyama vingi huongeza barua ya chifu au naibu wake inayoitambulisha familia. Beba cheti halisi wakalinganishe na nakala, kisha urudi nacho nyumbani. Kibali cha mazishi hakichukui nafasi ya cheti cha kifo.

Peleka barua mbili zinazofanana. Moja ibaki ofisini, nyingine igongwe muhuri wa kupokewa wenye tarehe. Bila muhuri huo, faili ikipotea, safari huanza upya.

Kikwazo cha kawaida hapa ni majina. Marehemu aliandikwa jina la ubatizo na la babake chamani, lakini cheti cha kifo kina majina matatu, au herufi moja imekosewa. Tofauti ndogo ya namna hiyo hurekebishwa kwa hati ya kiapo inayoapwa mbele ya kamishna wa viapo, ikieleza kwamba majina yote ni ya mtu mmoja. Yalinganishe nyumbani kabla ya kupanga foleni.

Hesabu ya mfano

Tuseme marehemu alikuwa na hisa za Sh30,000 na akiba ya Sh240,000. Alibakisha mkopo wa Sh90,000, na alikuwa amemdhamini jirani kwa Sh60,000. Katika fomu alimtaja mkewe kwa asilimia 60 na bintiye kwa asilimia 40.

Hisa na akiba hazishughulikiwi kwa njia moja. Akiba ni pesa alizoweka ili zimwezeshe kukopa, nazo hurudishwa mwanachama anapoondoka au kufariki. Hisa ni mtaji wa chama, na kwa kawaida vyama huzihamisha badala ya kuzirudisha kwa pesa taslimu. Hivyo mke, akijiunga, huandikishiwa hisa za Sh18,000. Binti ana za Sh12,000. Kama anaishi mjini na hataki uanachama, huenda akamtafuta mwanachama wa kuzinunua, hata mamake, na chama kinaandika uhamisho huo kwa jina la mnunuzi.

Sasa tuje kwa mkopo. Vyama vingi huikatia mikopo bima, ili mkopaji akifariki, kampuni ya bima ilipe kilichobaki. Ikilipa zile Sh90,000, akiba yote ya Sh240,000 hubaki kwa warithi: mke Sh144,000 na binti Sh96,000. Bima isipolipa, chama hukata deni kutoka kwa akiba, nayo hubaki Sh150,000. Mke atapata Sh90,000 na binti Sh60,000. Tofauti hiyo ndiyo sababu ya kuandika ombi la pili katika barua.

Dai la bima huweza kukwama likicheleweshwa, au mkopo ukiwa ulikuwa na malimbikizo kabla ya kifo. Ikiwa afisa wa mikopo atasema bima imekataa, omba jibu la kampuni kwa maandishi na usome sababu. Usikubali deni likatwe kwa maneno ya mdomo.

Mwisho ni dhamana. Jirani angali analipa mkopo wake, na Sh60,000 za marehemu zimeushikilia. Bima ya marehemu haihusiki na deni la jirani. Chama huweza kulipa Sh180,000 kwanza, yaani Sh108,000 kwa mke na Sh72,000 kwa binti, na kuzuia Sh60,000 hadi jirani alete mdhamini mwingine au amalize deni. Hapo familia haina budi kwenda kwa jirani huyo mapema na kumhimiza atafute mdhamini, kwa maana yeye hana haraka. Akishapatikana, mke hupokea Sh36,000 zilizosalia na binti Sh24,000.

Fomu ikiwa imepitwa na wakati

Matatizo makubwa hutokea faili inapofunguliwa na kupatikana kwamba marehemu, aliyejiunga akiwa kijana, alimtaja mamake, naye mama alifariki zamani. Mke na watoto hawamo. Hali hii huwa sawa na kutokuwa na fomu.

Hapo barua pekee haitoshi. Familia huenda kortini kuomba barua ya usimamizi wa mali ya marehemu chini ya Sheria ya Urithi. Ombi hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, na watu hupewa siku 30 za kuwasilisha pingamizi. Baada ya barua kutolewa, kwa kawaida huchukua miezi sita kabla ya korti kuithibitisha na kuidhinisha ugavi. Kukiwa na pingamizi, muda huo huongezeka. Wakati huo wote, karo na dawa za mifugo hutafutwa kwingine.

Mgumu zaidi ni mrithi aliyetajwa na bado yu hai lakini familia haimtaki, kama mke waliyeachana au kaka mtu. Kwa kuwa jina lake li katika fomu, chama kitamtambua yeye. Anayepinga hana budi kupata amri ya korti ya kusimamisha malipo kabla hayajafanywa. Kelele ofisini hazizuii hundi.

Kwa mtoto aliye chini ya miaka 18, vyama huwa havimkabidhi pesa mkononi. Huuliza mlezi aliyeandikwa katika fomu, na asipokuwapo, mzee wa familia huweza kutakiwa alete idhini ya korti. Anayemtaja mtoto yafaa aandike pia jina la mtu mzima atakayezipokea kwa niaba yake.

Mwanachama aliye hai huweza kubadilisha fomu yake wakati wowote kwa kujaza nyingine mbele ya mashahidi wawili. Mkulima anayepeleka maziwa wiki hii aweza kupitia ofisini, aitishe faili yake na asome majina yaliyomo. Aulize pia anadhamini mikopo ya nani na ya kiasi gani, kisha aende nyumbani amwambie mkewe. Mjane wengi husikia habari za dhamana hizo kwa mara ya kwanza wakiwa dirishani.