‘10pm’ si saa 10 usiku: Ujumbe wa mafuriko katika herufi 93

Ukisimama kwenye ukingo wa mwinuko wa Manga siku isiyo na mawingu, unaona nchi inavyoteremka kuelekea Ziwa Victoria. Sisi wa Gusii tumejaliwa mvua, nayo haikai kwetu. Mto Gucha huanzia nyanda za juu za Nyamira, hukatiza Kisii, huungana na Mto Migori, kisha humwaga maji yake ziwani kupitia Nyatike. Mvua ni yetu. Mafuriko ni ya jirani aliye chini, ambaye pengine siku hiyo hajaona hata tone.

Nilianza kuliwazia jambo hili kama mwanaisimu baada ya masika ya 2024, mafuriko yalipoua zaidi ya watu 200 nchini. Muhula uliofuata niliwapa wanafunzi wangu wa tafsiri zoezi lililoonekana jepesi. Niliwaambia: andikeni ilani ya mafuriko kwa watu wa Nyatike, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, itakayorushwa na minara ya simu.

Kwanza nieleze ujumbe wa aina hii, maana si sawa na arafa tuliyoizoea. Arafa hutumwa kwa nambari moja moja, na ikitumwa kwa watu laki moja mtandao hulemewa. Ujumbe wa mnara hauhitaji nambari ya mtu. Mnara huupaza mara moja, na kila simu iliyowashwa katika eneo lake huupokea, kama redio inavyonasa matangazo. Anayeutuma huchagua minara: wa Nyatike wapate wao, wa Manga wasisumbuliwe.

Nafasi yenyewe ni finyu. Ujumbe hugawanywa katika kurasa, na kila ukurasa una baiti 82, ambazo kwa alfabeti ya msingi ya simu ni herufi 93, nafasi na nukta zikihesabiwa. Kurasa zinaweza kufika 15, lakini simu ikikosa mmoja hulazimika kungoja urudiwe. Wamarekani walianza mwaka 2012 na herufi 90 tu, na hawakuongeza hadi 360 ila mwaka 2019. Kwa hiyo niliwaambia vijana: yote ya lazima yaenee katika ukurasa wa kwanza.

Na ya lazima ni yapi? Dennis Mileti na John Sorensen, katika ripoti yao ya 1990 kuhusu ilani za dharura, walitaja mambo matano: hatari ni ipi, iko wapi, itafika lini, mtu afanye nini, na nani anayesema. Kimoja kikikosekana, msikilizaji huanza kuuliza majirani, na dakika zinapotea. Kiingereza tulichokubaliana darasani kilikuwa na herufi 86:

```
Flood on River Kuja, Nyatike by 10pm. Move to high ground now. Do not cross river. KMD
```

KMD ni kifupisho cha Kiingereza cha Idara ya Utabiri wa Hali ya Anga, tulichokitumia kwa zoezi tu. Mwanafunzi mmoja akaleta tafsiri hii:

```
Mafuriko katika Mto Kuja, Nyatike, ifikapo saa 10 usiku. Tafadhali hamieni sehemu za juu sasa. Usivuke mto. KMD
```

Hizo ni herufi 111. Ukurasa wa kwanza unaishia kwenye neno ‘sasa’, na katazo la kuvuka mto linasukumwa ukurasa wa pili. Lakini urefu ndio ulikuwa ugonjwa mdogo. Ugonjwa mkubwa ni ile saa.

Kiingereza kilisema 10pm. Kwa Kiswahili hiyo ni saa nne usiku. Saa kumi usiku ni saa sita baadaye, karibu na alfajiri. Mama wa Nyatike akisoma ‘saa 10 usiku’ atapika, atalaza watoto, na ataona ana muda wa kulala usingizi wa kwanza kabla ya kufunga virago. Maji yatamkuta kitandani. Darasa zima lilisoma tafsiri ile na hakuna aliyeshtuka, kwa sababu jicho liliona 10 huku na 10 kule, likatulia. Tarakimu zinatembea kutoka lugha moja hadi nyingine bila kubisha hodi.

Dawa yake ni kuandika saa kwa maneno. ‘Saa nne usiku’ inazidi ‘saa 4 usiku’ kwa herufi mbili tu, lakini inafanya kazi mbili. Mtafsiri hawezi kuandika ‘nne’ bila kufikiri, na msomaji akiona ‘nne’ anajua kwamba anasemeshwa kwa saa za Kiswahili. Ndiyo maana pia sipendi lugha mbili zibanwe katika ukurasa mmoja. Mwenye hofu akiona 10 na nne kwa pamoja atadhani kuna makosa. Kila lugha na ipewe ujumbe wake.

Tatizo la pili ni ‘mafuriko’. Kiingereza kinajificha nyuma ya nomino: ‘flood’ haisemi kama maji yamefika au yako njiani. Mwanafunzi alifuata nomino hiyo, akapoteza faida kubwa ya lugha yetu. Kitenzi cha Kiswahili hubeba wakati tumboni mwake: mto utafurika, mto unafurika, mto umefurika. Yote matatu yana herufi tisa, hayagharimu chochote zaidi, na kila moja linadai hatua tofauti. Ukiwa na ‘utafurika’ unahamisha watu na mali. Ukiwa na ‘umefurika’ unaacha mali na kuokoa watu.

Tatu, ‘sehemu za juu’. Kwa mtu anayeishi kando ya mto, juu ni kule mto unakotoka. Unaweza kumwelekeza apande mto badala ya kuukimbia. ‘Palipoinuka’ ni neno moja, linapungua kwa herufi mbili, na halina utata huo. Lakini hata neno zuri lina mipaka ya mahali. Huku kwetu Manga, kumwambia mtu akimbilie mwinuko wakati wa mvua kubwa si ushauri mwema, kwa sababu miteremko yetu huweza kuporomoka. Ujumbe wa watu wa milimani ungekuwa kutovuka vijito na kuhama chini ya miteremko. Ndiyo faida ya kuchagua minara.

Nne, ‘hamieni’ na ‘usivuke’ haziendi pamoja: moja inasema na wengi, nyingine na mmoja. Nilichagua wengi. Katika nyumba nyingi simu ni moja, pengine kabambe ya bibi, na anayesoma ni mtoto, akiwageuzia wazee kwa Dholuo. ‘Hamieni’ na ‘msivuke’ zinamwelekeza moja kwa moja kwamba maneno ni ya nyumba nzima. Mwanafunzi alitetea ‘tafadhali’ yake kwamba mtu haamrishi wazee. Nikamwambia kwamba wingi wenyewe una heshima yake, tena ‘tafadhali’ na nafasi yake ni herufi kumi, na hizo ndizo zilizotutoa ‘msivuke’ ukurasani.

Jina la mto nalo nilifundishwa. Rasimu yangu ya kwanza, kabla hata ya Kiingereza kile, ilisema Gucha. Mwenzangu wa idara, mzaliwa wa Nyatike, alicheka. “Prof, kwetu huo ni Kuja. Ukiniandikia Gucha, nitadhani unawaonya watu wa Ogembo.” Ni mto ule ule, lakini hakuna anayehama kwa sababu ya mto asioujua. Ilani huandikwa kwa jina la anayeipokea.

Tukaishia hapa:

```
Mto Kuja utafurika Nyatike kabla ya saa nne usiku. Hamieni palipoinuka sasa. Msivuke mto. KMD
```

Ihesabu, msomaji: ni herufi 93 kamili. Mambo yote matano yamo. Naungama udhaifu mmoja: ‘KMD’ haimwambii kitu bibi wa kijijini. Tulitaka ‘Idara ya Hewa’, lakini hiyo ingeongeza herufi kumi. Tiba yake haimo katika ujumbe. Kifupisho kimoja kitumiwe kila mara, redioni na barazani kwa chifu, kabla ya siku ya shida.

Na yule ambaye hajaona mvua? Hapo ndipo ukurasa wa pili unapofaa, kwa sababu ya kuamini, si kwa jambo la kutenda:

```
Mvua kubwa imenyesha Kisii na Nyamira. Maji yako njiani hata kama kwenu hakuna mvua.
```

Ukikosekana, mtu bado anajua la kufanya. Ukifika, unajibu swali analojiuliza akitazama anga safi.

Nilidhani tumemaliza, hadi mpwa wangu, fundi wa mitambo ya simu, aliponitembelea. Nikamwonyesha kwa fahari toleo jingine lililowataja mifugo. “Mjomba,” akaniambia, “hii ng’ombe yako itakuvunjia ujumbe.” Alikuwa akitazama kile kikoma cha juu katika ng’. Kikoma kilichonyooka kimo katika alfabeti ya msingi ya simu. Kilichopinda, ambacho programu za kuandikia hukiweka zenyewe bila kukuuliza, hakimo. Kikiingia kimoja tu, ujumbe mzima huhamia mfumo unaotumia baiti mbili kwa kila herufi, na ukurasa wa herufi 93 unabaki na takriban 40. Ujumbe wangu wa ukurasa mmoja ungekuwa kurasa tatu kwa sababu ya nukta iliyopinda! Kistari kirefu na alama za kunukuu zilizopinda zina hila hiyo hiyo.

Kiswahili, kisicho na herufi zenye vikorombwezo, hukaa vizuri katika alfabeti ya simu kuliko lugha nyingi za Afrika. Ni ng’ pekee inayotuponza, nayo imo katika ng’ombe na ng’ambo, maneno mawili ambayo ilani ya mto huyaita kwanza. Andika ‘mifugo’ badala ya ng’ombe; ama ukihitaji ng’ambo, igonge kwa kikoma kilichonyooka na uangalie kihesabio kabla ya kutuma. Kikiruka ghafla kutoka 93 hadi 40, ujue kuna alama iliyopinda mahali fulani.

Ujumbe huu hautamfikia aliyezima simu, wala kijiji ambacho mnara wake umekosa umeme. Lakini utakapomfikia mtu, usiwe ndio uliomdanganya saa. Muhula huu nimelirudia zoezi lile kwa darasa jipya, na swali la kwanza kwenye karatasi ni moja tu: 10pm ni saa ngapi?