Pasua Njaa: Hesabu ya jina la toroli lako kabla hujamwita fundi wa rangi

Ukisimama pale Mombasa Road, milima ya Mbololo ikiwa nyuma yako na vumbi jekundu la Voi likikupaka viatu, hesabu magari yanayopita kwa dakika moja. Kuna malori, matatu, mabasi ya usiku yaliyochelewa na boda boda wenye abiria wawili. Wote hao wana tumbo. Swali ni moja tu: wangapi wameweza kusoma jina la toroli lako la smoki kabla ya kukupita?

Wasee wengi hutafuta jina kwanza, halafu humpelekea fundi alipachike popote patakapotosha. Mimi nakwambia ufanye kinyume. Chukua futi kamba, pima ubao, ndipo utafute jina litakaloingia humo likiwa na herufi kubwa. Upana wa ubao ndio unaoamua urefu wa jina. Hesabu yake haihitaji digrii. Mimi mwenyewe niliacha chuo na bado naiweza.

Kanuni wanayotumia wachoraji mabango ni hii: kila sentimita 2.5 za kimo cha herufi humpa mtu takriban mita 3 za kusoma bila kukaza macho. Herufi ya sentimita 5 inasomeka vizuri ukiwa mita 6. Ya sentimita 25 inasomeka ukiwa mita 30. Mwenye macho makali ataisoma akiwa mbali zaidi, lakini wewe usiuze kwa wenye macho makali pekee.

Sasa tuseme toroli lako lina ubao wa sentimita 90 kwa upana, na umelipenda jina "BARAKA SMOKI NA MAYAI SENTA". Hesabu herufi pamoja na nafasi za katikati: ni 27. Gawanya 90 kwa 27, kila herufi inapata sentimita 3 na kitu. Herufi nene ya kawaida, pamoja na pengo lake, huchukua upana wa karibu sehemu 7 kati ya 10 za kimo chake. Kwa hiyo kimo chako hakitafika hata sentimita 5, na mteja atakusoma akiwa chini ya mita 6. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa hukata karibu mita 14 kila sekunde. Umempa abiria chini ya nusu sekunde kusoma maneno matano. Hata jina lake mwenyewe hawezi kulisoma kwa muda huo.

Jaribu "PASUA NJAA", maneno mawili kwenye mistari miwili. Mstari mrefu una herufi 5 tu. Gawanya 90 kwa 5, unapata sentimita 18 kwa kila herufi, na kimo kinaweza kufika sentimita 25. Ubao utahitaji urefu wa sentimita 65 hivi kwenda juu, kwa hiyo uinue juu ya paa la toroli, usiubandike mbele ambapo wateja wenyewe wataufunika kwa migongo. Sasa unasomeka mita 30, sawa na sekunde 2 kwa gari lile lile. Macho yanapata muda wa kusoma, na mdomo unapata muda wa kusema, "Dere, shukisha!"

Hata hivyo, tusidanganyane. Dereva anayekwenda mbio hatafunga breki ndani ya mita 30 kwa ajili ya smoki, na wewe hutaki afanye hivyo. Weka toroli karibu na matuta au stejini, mahali ambapo gari tayari limepunguza mwendo. Na kabla ya kusimika ubao wa miguu kando ya barabara kuu, kumbuka eneo hilo la pembeni liko chini ya KeNHA. Ubao usio na idhini unaweza kung'olewa. Jina lililo juu ya toroli lenyewe linaondoka nawe jioni.

Tuje kwenye utani sasa. Kwa nini "Pasua Njaa" linakaa kichwani? Kwa sababu kila Mkenya anajua smoki pasua na mayai pasua. Jina hilo lilitokana na kazi ya kisu: muuzaji anapasua, anajaza kachumbari, anakupa. Ukichukua neno ambalo watu tayari wanalo mdomoni na kulisukuma hatua moja tu, mteja anacheka na papo hapo anajua unauza nini. Ukilisukuma hatua tatu, itabidi umweleze, na utani unaoelezwa umeshakufa. Tena jina hili halikufungi. Kesho ukiongeza muhogo wa kukaanga, bado unapasua njaa.

Hapo kwa muhogo, angalia. "MOGO MOTO" ni jina tamu: herufi 8, linaruka mdomoni, na mogo ni muhogo. Lakini Kenya hii kuna kampuni ya mikopo ya pikipiki inayoitwa Mogo. Kijana wa boda atakuona kwa mbali na atakumbuka deni lake kabla ya kukumbuka njaa. Kadhalika usiite smoki zako "Mbwa Moto" kwa kutafsiri jina la Kizungu. Voi ina Waislamu na Wakristo, na hakuna kati yao anayetaka kuanza kuulizana nyama hii ni ya nini. Utani wa chakula usiguse usafi wala aina ya nyama.

Vipi kuhusu Kidawida? Toroli la chai na mahamri ya asubuhi likiitwa "KWAWUKA", ile salamu ya asubuhi, mtu wa Mbololo atatabasamu na kukuitikia. Msafiri wa Nairobi hataelewa kitu. Basi jiulize nani anakulisha. Kama ni majirani, walimu na watu wa boda wa pale pale, andika Kwawuka bila woga. Kama ni abiria wanaopita mara moja, chini yake weka neno moja tu: CHAI.

Kwa rangi, vumbi letu ndilo bosi. Herufi nyekundu juu ya ubao wa kahawia zitapotea kabla ya mwezi kuisha, na ubao mweupe utageuka rangi ya tembo wa Tsavo. Nyeusi juu ya manjano huonekana hata ikichafuka kidogo. Mwambie fundi asikuwekee herufi za mikunjo wala vivuli. Unene wa mstari wa herufi uwe karibu moja ya tano ya kimo chake. Usiku, taa iangaze ubao kutoka mbele au juu, kwa sababu balbu ikikaa nyuma ya herufi, mteja anaona balbu tu.

Kabla ya kununua rangi, fanya majaribio mawili. Kwanza, andika jina kwa makaa kwenye katoni, kwa ukubwa ule ule, na umsimamishe mtu asiyelijua hatua 40 kutoka hapo. Mwonyeshe kwa sekunde mbili kisha uifiche. Akikosea neno, punguza herufi, usiongeze sekunde. Pili, mtajie jina kijana wa boda mara moja tu, injini ikiunguruma. Kesho yake muulize uliitaje toroli lako. Akilirudisha sawasawa, nenda kamwite fundi. Akisema "ile ya smoki za pale", bado huna jina.