Mita Moja, Wapangaji Watatu: Nani Ametumia Umeme Kiasi Gani?

Katika nyumba nyingi za kupanga Dar es Salaam, ugomvi wa umeme huanza pale mtu anapopita kukusanya michango ya LUKU. Wapangaji watatu, mita moja, na kila mmoja anatakiwa kutoa sawa na mwenzake. Kijana wa chumba cha mwanzo analalamika kwamba yeye hana friji. Mama mwenye friji anajibu kwamba kijana ana hita ya ndoo na sabufa inayotikisa madirisha. Familia ya chumba cha tatu inakaa kimya, ikijua televisheni yao haizimwi hadi taarifa ya habari iishe.

Ugomvi huu una hesabu yake, na si ngumu. Kila kifaa kina wati zake, yaani kasi yake ya kula umeme. Ukizidisha wati hizo kwa saa ambazo kifaa kimewaka, unapata wati-saa. Wati-saa 1,000 ni kilowati-saa 1, na hiyo ndiyo uniti tunayonunua. Jumlisha vifaa vyote vya chumba na utajua chumba hicho kinakula kiasi gani kwa siku. Ila hesabu hii ikifanywa kwa kusoma vibandiko tu, inaweza kumdhulumu mtu mmoja kila mwezi, tena mbele ya kalamu na karatasi. Tuifanye, tuone ni nani.

Kijana ana taa ya LED ya wati 9 anayoiwasha saa 5, ambazo ni wati-saa 45. Feni yake ya wati 50 huzunguka saa 9, kuanzia anapolala hadi anapoamka, nayo inachukua 450. Kuchaji simu ni kama 25. Hita ya ndoo ya wati 1,500 ndiyo inayowatisha wenzake, lakini maji ya ndoo ya lita 15 hupata uvuguvugu wa kuogea kwa dakika 10 hivi. Dakika 10 ni sehemu ya sita ya saa, kwa hiyo hita imekula wati-saa 250. Feni inayosifiwa kwa upole imekula karibu mara mbili ya hapo, kwa sababu hita huwaka muda mfupi na feni inakesha. Bila shaka akiyaacha maji yachemke ndipo ayapooze kwa maji ya baridi, hesabu itapanda.

Imebaki sabufa. Boksi lake linajigamba kwa maelfu ya wati, na pembeni pameandikwa PMPO. Namba hiyo ni ya kuuzia. Haionyeshi umeme unaotoka ukutani. Ukigeuza sabufa nyuma, karibu na waya wa umeme, utakuta kibandiko kidogo kinachosema wati 40, na hicho ndicho cha kuandika. Kwa saa 4 za muziki ni 160. Jumla ya kijana ni wati-saa 930, hata uniti 1 kwa siku haifiki.

Familia ya chumba cha tatu ina taa mbili (90), feni (450), simu mbili (50) na televisheni ya wati 50 inayowaka saa 6 (300). King'amuzi chao ni cha wati 12 tu, ila hakizimwi kamwe. Wanazima televisheni kwa rimoti na kudhani kazi imekwisha, kumbe king'amuzi kinaendelea saa 24 na kufikisha 288, karibu sawa na televisheni yenyewe. Kukizima kwa rimoti mara nyingi hakusaidii sana, maana kinabaki macho kikisubiri amri. Dawa ni swichi ya ukutani. Halafu kuna pasi ya wati 1,200, nusu saa kila asubuhi, ambayo kwa kibandiko ni 600. Jumla yao ni 1,778.

Sasa twende kwa mama mwenye friji. Taa yake ni 45, feni 450, simu 25. Friji imeandikwa wati 120 na haizimwi, kwa hiyo 120 mara 24 ni 2,880. Jumla yake inaruka hadi 3,400. Ukiongeza taa mbili za nje zinazowaka usiku kucha (216), nyumba nzima inakula wati-saa 6,324, yaani uniti 6.3 kwa siku, na zaidi ya nusu inaangukia kwa mama. Kijana anashangilia.

Kabla hajamaliza kushangilia, waende kwenye mita. Namba ya uniti zilizobaki inasomeka pale pale kwenye kioo. Jumatatu asubuhi mita inaonyesha 41.3. Katikati ya wiki wamenunua umeme wa shilingi 10,000 na kupata uniti 28.1. Jumatatu iliyofuata, saa ile ile, mita inaonyesha 37.2. Jumlisha 41.3 na 28.1, toa 37.2, unapata uniti 32.2 zilizotumika kwa siku 7. Hiyo ni 4.6 kwa siku. Hesabu ya vibandiko imezidisha kwa uniti 1.7 kila siku, na mita haina rafiki wala adui katika nyumba ile.

Kosa liko kwenye vifaa vinavyojizima vyenyewe. Friji inaweza kuwa imechomekwa saa 24, lakini kompresa yake haifanyi kazi saa 24. Ndani kuna kidhibiti joto: baridi ikifika kiwango kilichowekwa, kompresa inazimwa, na joto likipanda inawashwa tena. Wati 120 za kwenye kibandiko ni za wakati kompresa inanguruma. Ikinyamaza, friji inakula kidogo mno. Pasi nayo ni hivyo hivyo. Kile kitaa chake chekundu kinachowaka na kuzimika kinakuambia lini inavuta umeme na lini inapumzika. Ukikitazama kwa muda utaona kwamba pasi iliyokwisha kupata moto huwa imepumzika takriban nusu ya wakati, kwa hiyo 600 ya familia ni kama 300.

Friji haina kitaa cha namna hiyo, lakini ina sauti. Mama akae nayo kwa nusu saa mchana, ahesabu dakika za mngurumo, kisha arudie usiku. Tuseme mchana, jua kali na watoto wanafungua mlango, imenguruma dakika 17 kati ya 30. Usiku imenguruma dakika 12. Kwa saa 12 za mchana na 12 za usiku, kompresa imefanya kazi takriban saa 11.6. Zidisha kwa 120, unapata karibu 1,400, si 2,880. Jumla ya mama inashuka hadi 1,920, ya familia inakuwa 1,478, ya kijana haibadiliki, na nyumba nzima inafika 4,544. Mita ilisema 4.6. Sasa hesabu inaaminika.

Mngurumo huo pia ni kipimo cha afya ya friji. Ikinguruma bila kupumzika hata usiku wa manane, tazama mpira wa mlango kama umelegea, tazama kama mgongo wake umebanwa ukutani ukakosa hewa, na uulize nani ameingiza sufuria la maharage ya moto. Mama akianza kugandisha barafu za kuuza, dakika zihesabiwe upya, maana kugandisha maji ni kazi nzito kwa kompresa. Friji mpya za inveta hazifuati kanuni hii ya sikio. Kompresa yao hupunguza mwendo badala ya kuzima, na kwa hizo ni afadhali kuzima vitu vingine vyote usiku mmoja na kusoma mita kabla ya kulala na baada ya kuamka.

Tuje kwenye pesa. Mteja wa kawaida wa TANESCO wa kundi la T1, kwa bei iliyopangwa na EWURA mwaka 2016, hulipa shilingi 292 kwa uniti. Ukiweka VAT ya asilimia 18, asilimia 3 ya REA na 1 ya EWURA, inakuwa shilingi 356. Nyumba hii, kwa uniti 138 za mwezi, inahitaji kama shilingi 49,000. Kuna pia kodi ya jengo, ambayo tangu mwaka 2021 hukatwa kupitia LUKU, na ndiyo maana tokeni moja kwa mwezi huja na uniti pungufu. Hiyo ni ya mwenye nyumba, isiingizwe kwenye ugomvi wa friji.

Wakigawana sawa, kila chumba kinatoa kama shilingi 16,300. Wakifuata vibandiko, mama atatoa 26,900. Wakifuata hesabu iliyolinganishwa na mita, na taa za nje wakizigawana sawa, kijana anatoa 10,800, familia 16,700 na mama 21,500. Kwa hiyo kijana alikuwa na haki ya kulalamika kuhusu mgawanyo sawa, lakini hesabu yake ya haraka ingemtoza mama shilingi 5,400 za ziada kila mwezi. Familia iliyokaa kimya ndiyo ingefaidi pia, kwa kuwa ingetoa 14,300 tu.

Kuna jambo jingine linalojitokeza ukitazama namba hizi vyumba vikiwa mbalimbali, nalo ni kubwa kuliko ugomvi wote. TANESCO ina kundi la D1, la wateja wa majumbani wenye matumizi madogo, ambao uniti yao ni shilingi 100, au 122 pamoja na makato, mradi wasizidi uniti 75 kwa mwezi. Hiyo ni uniti 2.5 kwa siku. Kijana anatumia 1.0, familia 1.55, mama na friji yake karibu 2.0, sehemu ya taa za nje ikiwa ndani. Hakuna hata mmoja anayefika 2.5. Wamefika 4.6 kwa sababu tu wameunganishwa kwenye mita moja, na TANESCO inaona mteja mmoja anayetumia sana.

Kama kila chumba kingekuwa na LUKU yake, na kila mmoja akawekwa D1, mama angelipa kama shilingi 7,300 kwa mwezi, familia 5,700 na kijana 3,700. Nyumba nzima isingefika 17,000. Mita ndogo ya ndani, ile ambayo mwenye nyumba huifunga mwenyewe kwa kila chumba, ingemaliza mabishano lakini isingeshusha bei, kwa kuwa uniti bado zinanunuliwa kupitia mita kubwa ya T1. Mita za TANESCO zenyewe zinataka waya za vyumba zitenganishwe na fundi mwenye leseni, na kila muunganisho uombwe na kulipiwa. Gharama hiyo huwa inasimama mbele ya mwenye nyumba, ilhali nafuu ya zaidi ya shilingi 30,000 kwa mwezi inakwenda kwa wapangaji. Wakimwendea na karatasi ya hesabu hii, wamwendee pamoja, na wawe wameshakubaliana watachangia kiasi gani.