Mzee Mgonjwa Asiyeomba Maji

Mzee anapougua homa au kuharisha, mara nyingi hupungukiwa maji mwilini bila kulalamika kiu. Umri ukisogea, hisia ya kiu hufifia, na figo hazibani maji kama zamani. Wapo pia wanaokataa kunywa makusudi, kwa kuogopa safari za chooni usiku au kumsumbua anayewauguza. Kukosa hamu ya chakula kwa siku moja au mbili si hatari kubwa kwa wengi, lakini maji hayasubiri.

Kufinya ngozi ili kuona kama inarudi haraka husaidia kwa watoto, ila kwa mzee hupotosha, kwa kuwa ngozi yake imeshalegea. Kinachofaa kutazamwa ni ulimi na ndani ya mashavu kama vimekauka, mkojo kama ni mchache na wa rangi nzito, na kama anapata kizunguzungu akisimama. Dalili inayopuuzwa zaidi ni kuchanganyikiwa. Bibi wa miaka 78 aliyekuwa akiwatambua wajukuu jana, leo akaanza kuwachanganya majina au kusinzia mchana kutwa, asiambiwe kuwa ni uzee. Uzee hauji kwa siku moja.

Bibi huyo akipewa glasi nzima atapiga mafunda mawili na kuisukuma, au atatapika. Vijiko vitatu vya chakula, takriban mililita 45, kila robo saa humfikisha mililita 180 kwa saa. Kwa saa 8 ni karibu lita moja na nusu. Akitapika, apumzishwe kama dakika 10, kisha aanze tena polepole. Aketishwe wima, kwani anayenyweshwa akiwa amelala au anasinzia anaweza kupaliwa, na kinywaji kikaingia mapafuni. Maji, uji mwepesi, supu na chai vyote vinahesabika. Akiharisha, apewe ORS: pakiti ya lita moja huchanganywa na lita moja kamili ya maji safi, na kinachobaki baada ya saa 24 humwagwa. Kuandika kila alichokunywa na kila alipokojoa husaidia sana, hasa wauguzaji wanapopokezana.

Mwenye ugonjwa wa moyo au figo huenda amewekewa kiwango cha maji, hivyo daktari aulizwe kwanza. Aulizwe pia kuhusu dawa za kisukari na za presha, hasa zile zinazoongeza mkojo. Zisikatishwe kiholela.

Apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo akipitisha saa 8 bila kukojoa, akitapika kila anachokunywa, akiharisha damu, au homa ikiendelea. Akichanganyikiwa ghafla, akiwa mgumu kuamka, akishindwa kumeza au akihema kwa kasi, hiyo ni dharura, hata kama ni usiku wa manane. Hapo asilazimishwe kunywa. Anahitaji dripu na uchunguzi, pamoja na kipimo cha malaria panapo ugonjwa huo.